Faida Iko Daftarini, Pesa Iko Njiani

Mitaa ya Kariakoo huchangamka kabla jua halijapanda vizuri. Mikokoteni inapishana na bajaji za mizigo, makuli wanateremsha katoni mabegani, na wateja waliolala ndani ya basi usiku kucha wanaingia madukani wakiwa na orodha zao mkononi. Katikati ya pilikapilika hizo, mama mwenye duka la jumla la sabuni anapokea simu.

"Shikamoo mama. Ile ankara ya milioni 20, leo ndiyo siku yake."

"Marahaba, mwanangu. Naomba univumilie mpaka wiki ijayo. Nikulipe 16 leo, nne zinafuata."

Kijana wa kiwandani ananyamaza kidogo. Anamjua mama huyu kuwa mlipaji mzuri. Duka lake analijua pia: halikauki wateja, mzigo unatoka kila siku, na hajawahi kuuza katoni hata moja kwa hasara. Inakuwaje basi mtu anayepata faida ashindwe kumalizia deni la mzigo ambao ameshauuza sehemu kubwa?

Majirani huwa na majibu ya haraka kwa swali kama hilo. Wapo watakaosema anaibiwa na vijana wa dukani, na wapo watakaosema ana matumizi makubwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini wauzaji wengi wa jumla wamefika hapo bila kuibiwa hata shilingi, na ukitaka kuwaelewa inabidi uache kutazama bei peke yake uanze kutazama tarehe.

Mama huyu ni wa mfano, na hesabu zake zimekatwa ziwe nyepesi kufuata. Masharti yake, hata hivyo, muuzaji yeyote wa jumla atayatambua. Kila baada ya siku 20 anapokea lori la katoni 1,000 za sabuni, kila katoni kwa shilingi 20,000. Anaziuza kwa shilingi 21,200. Kiwanda kinampa siku 14 za kulipa. Kwa siku anatoa katoni 50, kwa hiyo lori moja linaisha siku ya 20, siku ambayo lingine linaingia. Nusu ya wateja wake wanalipa taslimu. Nusu nyingine, wenye maduka ya rejareja wa mtaani na wa mikoani, wanachukua kwa mali kauli na kulipa baada ya siku 30. Kodi ya pango, mishahara, makuli, umeme na vocha vinakula shilingi 30,000 kwa siku.

Kwa hesabu ya daftari, hii ni biashara safi. Kila lori linaacha ziada ya shilingi milioni 1.2. Ukitoa gharama za siku 20, yaani 600,000, faida halisi ni 600,000. Kila siku 20, bila kukosa. Alipoanza alikuwa na mtaji wake mwenyewe wa shilingi milioni 22, na hana mkopo wa benki.

Sasa tufuate pesa yenyewe, siku baada ya siku.

Kila jua linapochomoza mama anauza sabuni ya shilingi milioni 1.06. Nusu yake, 530,000, inaingia mkononi. Nusu nyingine inaingia kwenye daftari la madeni. Daftari linahesabu mauzo yote mawili kuwa mauzo, na katika uhasibu hilo ni sahihi: mali imetoka, ankara imeandikwa, faida imepatikana. Droo haijui habari hiyo. Droo inajua 530,000 tu.

Siku ya 14 inafika na kiwanda kinataka milioni 20 zake. Hadi hapo katoni 700 zimeuzwa, taslimu iliyoingia ni milioni 7.42, na hakuna mdaiwa hata mmoja aliyefikisha siku 30. Mauzo peke yake hayafikii hata nusu ya deni. Kinachomwokoa ni zile milioni 22 alizoanza nazo. Analipa, anatoa gharama za siku 14, na kwenye akaunti zinabaki milioni 9 kamili.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Milioni 9 zimekaa benki, mzigo umelipwa wote, kiwanda hakidai chochote, na bado stoo kuna katoni 300. Mtu yeyote angejiona yuko vizuri. Mama naye alijiona hivyo. Siku ya 15 akatoa milioni 5 kuweka malipo ya awali ya kiwanja. Hakuchezea pesa, kiwanja ni mali, na bei ilikuwa nzuri.

Siku ya 20 lori la pili likaingia. Siku ya 34 likataka kulipwa. Kufikia siku hiyo, mauzo ya taslimu yalikuwa yamefika milioni 18.02, na wadaiwa wa siku nne za kwanza tu ndio waliokuwa wamelipa, jumla milioni 2.12. Pamoja ni milioni 20.14. Viwanda vilitaka milioni 40 kwa malori mawili, na gharama za duka zilikuwa zimefika milioni 1.02. Chukua mtaji wa milioni 22, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka: kama asingegusa kitu, siku ya 34 angebakiwa na milioni 1.12. Alikuwa ametoa 5. Akapungukiwa milioni 3.88, ndiyo ile simu ya asubuhi.

Ona vizuri kilichotokea hapo. Hata bila kiwanja, mwanamke mwenye mtaji wa milioni 22 na biashara yenye faida angefika siku ya 34 akiwa na pesa ya kununulia katoni 56 tu. Mteja mmoja mkubwa kuchelewa, gari moja kuharibika Morogoro, na angekuwa kwenye simu ile ile. Milioni zake hazijapotea. Siku ile ya 34, baada ya kulipa, sabuni ya milioni 6 ingekuwa stoo na milioni 15.9 zingekuwa mikononi mwa wateja. Jumla yake ni milioni 21.9.

Hiyo milioni 21.9 ndiyo wafanyabiashara wanaoiita mtaji wa kuzungusha. Si gharama, kwa hiyo haionekani kwenye hesabu ya faida na hasara. Wala si akiba, kwa hiyo huwezi kuitumia. Ni pesa inayotakiwa kukaa ndani ya biashara muda wote ili biashara iendelee kuwa na ukubwa ule ule. Anayetaka kujua kiasi chake bila kupiga hesabu ya kila siku anaweza kutumia njia ya mkato. Katoni ya mwisho ya lori inakaa stoo siku 20. Mteja, ukichanganya wa taslimu na wa siku 30, analipa kwa wastani baada ya siku 15. Hizo ni siku 35 tangu mzigo uingie hadi pesa irudi. Kiwanda kimevumilia 14. Siku 21 zilizobaki ni za mama mwenyewe kuzibeba, na kwa kuwa kila siku anauza mzigo uliomgharimu milioni 1, anahitaji takriban milioni 21. Namba hiyo inaonyesha siku ile mbaya zaidi, yaani siku ya kulipa, na ndiyo siku inayomnyima mtu usingizi.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni kwamba biashara ikikua, tatizo linaongezeka. Tuseme sabuni inapendwa, wateja wapya wanatoka Tunduma na Kigoma, na mama anaona anaweza kutoa katoni 100 kwa siku badala ya 50. Kiwanda kinakubali kuleta malori mawili kwa wakati mmoja. Pango halipandi, kwa hiyo lori la pili lina gharama ndogo zaidi, tuseme 15,000 kwa siku, na linaleta faida ya 900,000 badala ya 600,000. Nani angekataa?

Lakini lori la nyongeza linatembea kwa tarehe zile zile. Nalo siku ya 34 litakuwa limedai zaidi ya milioni 20 kuliko kilichoingia. Malori mawili pamoja yanaleta faida ya milioni 1.5 kila siku 20. Kwa faida hiyo peke yake, kukusanya mtaji wa kubeba lori la pili kungechukua karibu miezi 10, na mama asiguse faida hiyo hata kwa ada za watoto. Viwanda havisubiri miezi 10. Kwa hiyo mwaka ambao duka limeuza kuliko miaka yote unaweza kuwa mwaka ambao mwenye duka amekimbizana na madeni kuliko miaka yote, na mtu asiyezijua tarehe hawezi kuelewa analalamikia nini.

Kuna jambo la pili linalobana bila kuonekana: mteja anayechelewa. Wale wa siku 30 wakianza kulipa siku ya 45, faida ya daftari haibadiliki hata senti moja. Bei ni ile ile, mauzo ni yale yale. Ila sasa siku 15 zaidi za mauzo ya mali kauli, kila siku 530,000, zimekaa nje. Hizo ni milioni 7.95, karibu sawa na faida ya malori 13. Mteja hakukataa kulipa, wala hakugombana na mtu. Amesema tu "mama, biashara imelala kidogo, nivumilie," na kwa maneno hayo amechukua mkopo wa wiki mbili usio na riba.

Na asipolipa kabisa? Kila katoni inamwachia mama faida halisi ya shilingi 600. Katoni moja iliyopotea kwa mdaiwa aliyetoroka ilimgharimu 20,000. Anahitaji kuuza katoni 34 nyingine kufidia hiyo moja. Biashara ya jumla ina faida nyembamba, na kwa sababu hiyo daftari la madeni ndilo linaloamua hatima yake kuliko bei.

Kenya ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Nakumatt, kampuni iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ilikua ikawa supamaketi kubwa kuliko zote nchini humo, yenye matawi hadi Uganda, Rwanda na Tanzania. Supamaketi hufanya kazi kinyume na mama wa Kariakoo: mnunuzi analipa leo pale kaunta, na aliyeleta bidhaa analipwa wiki kadhaa baadaye. Kwa maneno mengine, anayeleta bidhaa ndiye anayemkopesha mwenye supamaketi. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilianza kubaki tupu kwa sababu waliokuwa wakileta mali walichoka kusubiri malipo. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Waliopeleka unga, maziwa na sabuni hawakuwa na dhamana yoyote mkononi zaidi ya ankara. Katika vitabu vyao yale yalikuwa mauzo, mengi yao mauzo yenye faida.

Mfanyabiashara anawezaje kujua kwamba anaelekea huko kabla simu haijaita? Dalili ya kwanza iko kwenye daftari la madeni lenyewe. Jumla ya wanachodaiwa wateja haisemi mengi. Kinachosema ni umri wa madeni hayo. Yapangwe makundi matatu: yasiyozidi siku 30, ya siku 31 hadi 60, na yaliyopita 60. Kundi la tatu likiwa linanenepa mwezi hadi mwezi huku mauzo yako palepale, pesa inavuja. Dalili ya pili ni mzigo uliolala. Katika ile stoo yenye katoni 300, huenda 80 ni za sabuni ya manukato ambayo haijatoka tangu mfungo wa Ramadhani. Kwenye hesabu zinasomeka kuwa mali ya shilingi milioni 1.6, lakini hazitamlipa mtu Jumatatu. Dalili ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: mwenye duka anaanza kulipa lori la zamani kwa pesa ya mauzo ya lori jipya, kisha anaagiza lingine haraka ili apate pesa ya kulipa hilo jipya. Akifika hapo, siku mauzo yatakapopungua kidogo tu, mnyororo wote unakatika.

Kodi nayo ina tarehe zake. Tanzania, anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio na ambaye mwaka wake unaishia Desemba, hulipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Makadirio hayo yanatazama faida, na faida ya mama ipo, ingawa sehemu yake bado iko Tunduma kwenye duka la mteja. Tarehe hizo nne zinafaa kuandikwa ukutani mwanzoni mwa mwaka, pamoja na tarehe za pango.

Watu wengi wakibanwa wanafikiria mkopo kwanza. Inafaa kuanza na kitu kingine: ukubwa wa mzigo. Tuseme mama anaomba kiwanda kimletee katoni 500 kila siku 10, badala ya 1,000 kila siku 20. Anauza kile kile, kwa wateja wale wale, kwa bei ile ile. Lakini kufikia siku ya 34 atakuwa amedaiwa na kulipa milioni 30 badala ya 40, kwa sababu mzigo mdogo unauzwa wote kabla siku 14 hazijaisha. Angebakiwa na milioni 11.12 badala ya 1.12. Milioni 10 zimetoka stoo zikarudi benki bila riba na bila kuweka hati ya nyumba rehani. Kile kiwanja angekilipia bila wasiwasi.

Njia hiyo ina gharama yake, na ni vizuri kuipima. Viwanda vingi hutoa punguzo kwa anayechukua mzigo mkubwa, na lori linalokuja mara mbili hulipiwa mara mbili. Kama punguzo linalopotea ni shilingi 50 kwa katoni, mama anapoteza 50,000 kila siku 20, na hilo linavumilika. Kama ni shilingi 200, anapoteza 200,000, theluthi nzima ya faida yake. Hapo ovadrafti ya benki inaweza kuwa nafuu zaidi: milioni 10 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka zinagharimu takriban 99,000 kwa siku 20, tena riba hiyo inahesabiwa kwa siku pesa inapotumika tu. Mkopo wa mtaani, ile mikopo iliyobatizwa jina la kausha damu, ni habari nyingine kabisa. Kwa asilimia 10 kwa mwezi, milioni 10 zinadai riba ya milioni 1 kila mwezi, wakati duka zima la mama linaingiza faida ya 900,000 kwa mwezi. Mkopo huo unalipa kiwanda leo na kulifunga duka kesho kutwa.

Zipo pia siku za kiwanda. Mwenye historia nzuri ya malipo anaweza kuomba siku 21 badala ya 14, na katika mfano huu wiki hiyo moja ingepunguza pengo kwa zaidi ya milioni 7. Ombi kama hilo hupokelewa vizuri likipelekwa mapema, duka likiwa limejaa wateja na deni halijafika siku yake. Likipelekwa asubuhi ya siku ya kulipa, huwa ni habari mbaya kwa kiwanda, na mara nyingi jibu lake ni lori lijalo kuja kwa taslimu tu. Hapo siku 14 zinakuwa sifuri, na mama aliyeomba kuvumiliwa kwa milioni 4 anajikuta akidaiwa milioni 20 mlangoni kabla katoni moja haijashuka.

Kwa wateja wa mali kauli, njia inayofaa ni kuweka kikomo kwa kila jina: kiasi gani, na siku ngapi. Mteja aliyefikisha kikomo apate mzigo mpya baada ya kulipa wa zamani. Ni jambo gumu kumwambia mtu mliyefahamiana miaka 10, na wauzaji wengi hulikwepa kwa kuona haya. Lakini mteja mzuri hakasiriki akielezwa mapema, na yule anayehamia duka la jirani kwa sababu ya kikomo mara nyingi ni yule yule ambaye deni lake lilikuwa limeshafika kundi la tatu.

Kwa hiyo wewe mwenye duka la jumla unayesoma hapa, kabla hujaagiza mzigo ujao, chukua kalenda ya miezi miwili. Andika kwa kalamu nyekundu kila siku ambayo pesa itatoka: kiwanda, pango, mishahara, kodi, ada. Andika kwa buluu kila siku ambayo unaamini pesa itaingia, na mteja anayezoea kulipa siku ya 45 mwandike siku ya 45, si ya 30 aliyokuahidi. Kisha jumlisha na kutoa, wiki kwa wiki. Ukiona wiki ambayo salio linashuka chini ya sifuri, piga simu kiwandani leo, wakati bado una wiki tano za kuzungumza.